Ng’ambo Ilivyogeuka Ngâ€™ambo

Mwandishi wa Kiswahili ana bahati ambayo Mfaransa na Mreno hawana. Herufi zake zote zimo kwenye kibodi ya kawaida, bila vikofia juu ya irabu wala mikia chini ya konsonanti. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anapofungua faili la orodha ya wateja akakuta Murang'a imeandikwa "Murangâ€™a", wazo la kwanza ni virusi, na la pili ni kwamba faili limeharibika njiani. Mara nyingi si hilo wala hilo. Faili ni zima, halijapungua wala kuongezeka hata kidogo. Kilichokosewa ni namna ya kulisoma.

Tuchukue mfanyabiashara wa vitenge anayepokea oda kupitia fomu ya mtandaoni. Kila jioni anapakua orodha ya oda katika faili la CSV, yaani maandishi matupu ambamo safu moja hutengwa na nyingine kwa koma. Ndani yake mna hivi:

```
Jina,Mji,Kilo
Félicité,Bukavu,12.5
Zuhura,Ng’ambo,8
Njeri,Murang’a,20
```

Analibofya mara mbili, Excel inafunguka, safu zimekaa mahali pake, lakini majina yamevurugika:

```
Jina         Mji          Kilo
FÃ©licitÃ©   Bukavu       12.5
Zuhura       Ngâ€™ambo    8
Njeri        Murangâ€™a   20
```

Ukitazama kwa makini utaona kwamba uchafu huu una utaratibu. Kila é imekuwa Ã©, kila ritifaa imekuwa â€™, na herufi nyingine zote hazikuguswa. Faili lililooza haliozi kwa nidhamu hivyo.

Sababu ni kwamba ndani ya faili hamna herufi hata moja. Mna baiti tu, na kila baiti ni namba kati ya 0 na 255. Ili namba hizo ziwe maandishi, programu inahitaji jedwali la kuonyesha namba ipi ni herufi ipi. Jedwali la zamani linalotumika hadi leo, ASCII, lilitoka Marekani mwaka 1963, nalo lina nafasi 128 tu: zinatosha herufi za Kiingereza, tarakimu, alama za uandishi na amri chache za mashine. Kiswahili kiliingia humo bila shida. Kifaransa, Kiarabu na Kirusi hazikuingia, basi watengenezaji wakazitumia namba zilizobaki, kuanzia 128 hadi 255, kila mmoja kwa faida ya soko lake. Ndiyo maana baiti moja tu, 195, husomwa Ã katika jedwali la Ulaya Magharibi liitwalo Windows-1252, husomwa Г katika lile la Kirusi, Windows-1251, na husomwa alifu yenye hamza juu katika lile la Kiarabu, Windows-1256. Namba ni ileile.

Dawa ya vurugu hiyo ilikuwa Unicode, iliyoipa kila herufi ya kila lugha namba yake ya kudumu. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, njia ya kuandika namba hizo kwa baiti moja hadi nne. Werevu wake ni kwamba kila herufi ya ASCII inabaki baiti moja ileile ya zamani, na nyingine zote zinachukua mbili au zaidi. Herufi é inachukua mbili, 195 na 169. Programu inayojua kwamba faili ni la UTF-8 itaziunganisha na kupata é. Programu inayodhani ni Windows-1252 itazisoma moja moja: 195 ni Ã, 169 ni ©. Huo ndio mkosi wote wa Félicité. Faili hilohilo likifunguliwa Muscat kwenye kompyuta iliyowekwa jedwali la Kiarabu, jina lake litatokea likiwa na alifu katikati, na kwenye mfumo wa zamani wa Mac litatokea F√©licit√©. Aina ya takataka unayoiona inakuambia faili limesomwa kwa jedwali gani.

Je, Zuhura wa Ng'ambo, ambaye jina lake wala mji wake hauna vikofia, ameingiaje humu? Ameingizwa na ritifaa. Alama iliyo kwenye kibodi ni ile iliyonyooka ('), na hiyo imo ndani ya ASCII. Lakini Word, na simu nyingi za kisasa, hazikuachii uliyoandika. Zinaibadilisha kimyakimya kuwa ile iliyopinda (’), kwa kuwa Waingereza huiona nadhifu zaidi katika uchapaji. Iliyopinda haimo ndani ya ASCII. Katika UTF-8 inachukua baiti tatu, 226, 128 na 153, ambazo katika Windows-1252 ni â, € na ™. Kwa hiyo mlango ambao hitilafu hii huingilia maandishi ya Kiswahili, karibu kila mara, ni ng' ya ng'ombe, ya Ng'ambo na ya Murang'a. Kwa majirani zetu wanaoandika Kikuyu kwa tahajia kamili, yenye ĩ na ũ, milango ni mingi zaidi: "Gĩkũyũ" hugeuka "GÄ©kÅ©yÅ©".

Nadhani hapo ndipo watengenezaji wengi wa mifumo ya huku kwetu wanapojidanganya. Wanajaribu mfumo kwa majina ya Juma na Asha, wanaona kila kitu sawa, wanaukabidhi. Majina hayo hayawezi kufichua hitilafu, kwa sababu baiti zake ni zilezile katika majedwali yote tuliyoyataja. Ukitaka kujua kama mfumo unapitisha maandishi salama, ingiza "Ng’ambo" yenye ritifaa iliyopinda na "Félicité", kisha uyafuate majina hayo mawili hadi kwenye ripoti ya mwisho.

Lakini kwa nini Excel ikosee, wakati programu imetengenezwa na watu wanaoijua UTF-8 vizuri? Kwa sababu faili la CSV halina mahali pa kutaja jedwali lake. Ukurasa wa wavuti unaweza kujitambulisha, na faili la xlsx lina maelezo yake ndani. CSV ni baiti tupu tangu mwanzo hadi mwisho, na msomaji hana budi kubahatisha. Excel ya Windows, ukiifungulia faili kwa kubofya mara mbili, hubahatisha kwa kutazama mipangilio ya kompyuta yenyewe. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi za Kenya na Tanzania, hujibu Windows-1252.

Hapa kuna mipangilio miwili ambayo hata mafundi huichanganya. Ya kwanza ni ya muundo wa kieneo: inaamua tarehe iandikwe vipi, desimali itengwe kwa nukta au kwa koma, na safu za CSV zitenganishwe kwa alama gani. Ya pili imefichwa chini ya Administrative, mahali palipoandikwa "Language for non-Unicode programs", na hiyo ndiyo inayochagua jedwali la herufi kwa programu na mafaili yasiyojitambulisha. Unaweza kubadili ya kwanza kutwa nzima na é isipone. Kwenye hiyo ya pili kuna kisanduku cha kuifanya Windows yote itumie UTF-8, lakini Microsoft wenyewe wamekiandika "Beta", na programu za zamani, kama zile za uhasibu zilizonunuliwa miaka mingi iliyopita, huweza kuanza kuvuruga maandishi yake zenyewe. Mimi nisingeigusa kompyuta ya ofisi nzima kwa ajili ya faili moja.

Njia ya kumsaidia msomaji asibahatishe ipo, na ndiyo inayoitwa BOM, alama ya mpangilio wa baiti. Asili yake ni UTF-16, ambako kila herufi ya kawaida huandikwa kwa baiti mbili na mashine hazikubaliani ipi itangulie. Ikawekwa alama mwanzoni mwa faili: ukiikuta 255 kisha 254, soma kwa mpangilio huu, ukiikuta 254 kisha 255, geuza. UTF-8 haina tatizo la mpangilio, kwa hiyo haihitaji alama hiyo, lakini watu waligundua kwamba inafaa kama kitambulisho. Katika UTF-8 inakuwa baiti tatu, 239, 187 na 191, na hazionekani kwenye skrini. Excel ikizikuta mwanzoni mwa CSV huacha kubahatisha na kusoma UTF-8. Tangu toleo la 2016 Excel yenyewe inaweza kuhifadhi namna hiyo, ukichagua "CSV UTF-8 (Comma delimited)" badala ya "CSV" peke yake.

Basi kwa nini kila mtu asiweke BOM tukamaliza? Kwa sababu kinachomfaa msomaji mmoja humkwaza mwingine. Kiwango cha Unicode kinairuhusu BOM katika UTF-8 lakini hakiipendekezi, na programu nyingi haziitarajii. Mfanyabiashara wetu akilihifadhi faili lenye BOM kisha akalipakia kwenye mfumo wa kutuma ujumbe kwa wateja, mfumo unaweza kumjibu kwamba safu ya "Jina" haipo. Anatazama, safu ipo, tena ni ya kwanza. Anafuta na kuiandika upya, jibu ni lilelile. Mfumo umezihesabu zile baiti tatu zisizoonekana kuwa sehemu ya neno la kwanza, na neno lenye kitu mbele yake si "Jina" tena. Dalili yake ni hiyo: safu ya kwanza tu ndiyo inayolalamikiwa, nyingine ziko salama. Na ukiona  mbele ya neno la kwanza, basi ni BOM ileile imesomwa kwa Windows-1252.

Kwenye Linux au Mac unaweza kuziona baiti zenyewe kwa amri moja:

```
head -c 3 orodha.csv | xxd
```

Ikirudisha `efbb bf`, BOM ipo. Ikirudisha herufi za neno lako la kwanza, haipo. Anayeandika programu kwa Python hufungua faili la namna hii kwa `encoding="utf-8-sig"`, ambayo huiondoa BOM ikiwepo na hainung'uniki isipokuwepo.

Asiye na haja ya kuandika programu afanye jambo moja tu: aache kubofya faili mara mbili. Afungue Excel ikiwa tupu, aende Data, kisha From Text/CSV, achague faili, na kwenye dirisha linalotokea atafute "File Origin" na kuweka "65001: Unicode (UTF-8)". Sampuli ya maandishi iko hapohapo chini, na Félicité atapona mbele ya macho yake kabla hajathibitisha chochote. LibreOffice ina adabu zaidi katika hili. Yenyewe huuliza jedwali la herufi na kitenganishi kila inapofungua CSV, na ninashangaa Excel imekataa kuiga kwa miaka yote hii.

Sasa liingie faili la pili, linalotoka kwa wakala wa Bukavu, ambaye kompyuta yake imewekwa Kifaransa. Yeye amehifadhi "CSV" ya kawaida:

```
Prénom;Ville;Kilos
Félicité;Bukavu;12,500
Aimé;Uvira;1,250
```

Kwa Mfaransa koma ni ya desimali, kwa hiyo haiwezi pia kutenganisha safu, na kazi hiyo hufanywa na nukta-mkato. Aimé ameagiza kilo moja na robo. Faili hili likibofywa mara mbili Nairobi, é zinatokea salama, kwa sababu kompyuta zote mbili zinatumia Windows-1252. Lakini safu zimekatwa penye koma: "Aimé;Uvira;1" imekaa kwenye kisanduku kimoja na "250" kwenye kingine. Hilo si baya sana kwa kuwa linaonekana. Baya ni pale mtu anapoingiza faili kwa dirisha lile la Data, akachagua nukta-mkato kuwa kitenganishi, akaona safu zimenyooka, akaridhika. Kompyuta yenye mipangilio ya Kiingereza huchukulia koma kuwa ya maelfu. Kilo moja na robo ya Aimé imekuwa kilo 1250, na hakuna alama yoyote ya ajabu kwenye skrini ya kumshtua mtu.

Herufi zilizovurugika zinapiga kelele, lakini namba iliyosomwa vibaya hukaa kimya hadi siku ya kupakia mzigo. Kinga yake ni kuchagua "Do not detect data types" wakati wa kuingiza, kisha kwenye Transform Data kubofya kulia safu ya kilo, kuchagua Change Type, halafu Using Locale, na kuiambia Excel kwamba ni Decimal Number ya French (France). Tarehe nazo zina mtego uleule. Kompyuta iliyoachwa na mipangilio ya Marekani husoma 03/04/2025 kuwa tarehe 4 Machi, na 13/04/2025 ikashindwa kuisoma kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Ukiona safu ambayo baadhi ya tarehe zimeegemea kulia na nyingine kushoto, zile za kushoto Excel imezichukua kuwa maneno tu, na zile za kulia huenda zimegeuzwa siku na mwezi. Namba za simu zilizopoteza sifuri ya mbele ni wahanga wa ubahatishaji huohuo.

Faili la Bukavu lina jambo jingine. Likipakiwa kwenye mfumo wa mtandaoni unaotarajia UTF-8, Félicité atatokea "F�licit�". Safari hii mambo yamepinduka: faili ni Windows-1252, ambamo é ni baiti moja, 233, na msomaji wa UTF-8 anajua kwamba 233 haiwezi kusimama peke yake mbele ya herufi ya kawaida, hivyo anaweka alama ya "sikuelewa". Wakala atajitetea kwamba kwake faili linaonekana vizuri, na ni kweli, ila hilo linathibitisha tu kwamba mashine yake inajielewa yenyewe. Kubadili faili kama hilo ni amri moja:

```
iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 bukavu.csv > bukavu-utf8.csv
```

Amri hiyo haichunguzi kama ulichoiambia ni kweli. Ukiilisha faili ambalo tayari ni UTF-8, italivuruga kwa uaminifu kabisa.

Tofauti kati ya Ã© na � inastahili kukumbukwa, kwa kuwa ndiyo inayosema kama kuna matumaini. Ã© ni habari kamili iliyosomwa vibaya. Hata mtu akilihifadhi faili likiwa hivyo, baiti za awali zinaweza kurudishwa kwa kurudi nyuma njia ileile:

```
python3 -c "print('FÃ©licitÃ©'.encode('cp1252').decode('utf-8'))"
```

Jibu ni Félicité. Faili likihifadhiwa likiwa bovu, kisha likasomwa vibaya mara ya pili, é huwa ÃƒÂ©, na dawa hunywewa mara mbili. Haiponyi kila kitu, hata hivyo. Windows-1252 ina nafasi tano zisizo na herufi, na mojawapo, 157, ni baiti ya mwisho ya alama ya kufunga usemi iliyopinda (”). Ndiyo maana kwenye matini zilizovurugika utaona "â€œ" mahali pa kufungua usemi, na mahali pa kufunga pana "â€" yenye pengo, na hapo ile amri ya Python hugoma.

� nayo, mradi faili la asili lipo, haina neno: lifungue upya kwa jedwali sahihi. Mtu akishalihifadhi, kila � inaandikwa kama � halisi, na é, è au ê iliyokuwapo haijulikani tena. Vivyo hivyo alama ya kuuliza iliyochukua nafasi ya ũ pale jina la Kikuyu lilipohifadhiwa katika jedwali lisilo na ũ. Hakuna programu ya kuotesha herufi hapo, na dawa ni kumpigia simu mwenye jina. Kwa hiyo faili lililofunguka vibaya hufungwa bila kuhifadhiwa, hata Excel ikiuliza kwa upole kama unataka kuhifadhi mabadiliko.

Kuna madhara mengine ya ritifaa ambayo hudumu hata baada ya herufi kunyooka. Kwa kompyuta, "Ng'ambo" yenye ritifaa iliyonyooka na "Ng’ambo" yenye iliyopinda ni maneno mawili tofauti. Mteja mmoja aliyejiandikisha mara moja kwa kompyuta na mara nyingine kwa simu anaweza kuwa wateja wawili kwenye orodha, na anayemtafuta kwa tahajia moja hampati kwa nyingine. Wengine huandika ` au ´, kwa kuwa kwenye kibodi zao ndizo zinazofikika kwa urahisi. Zuhura anaweza kuishi Ng'ambo nne.

Mfanyabiashara wetu ameliambia duka lililomtengenezea fomu ligeuze ritifaa za kila aina kuwa ile iliyonyooka pindi mteja anapobonyeza tuma, na liweke BOM kwenye faili la kufungulia Excel, lakini si kwenye lile linalokwenda kwenye mfumo wa ujumbe. Kwa wakala wa Bukavu ametuma maelekezo mafupi: hifadhi kama "CSV UTF-8", tarehe ianze na mwaka kama 2025-04-03, na uzito uandikwe kwa gramu, namba nzima bila koma wala nukta. Oda ya Aimé sasa inafika ikiwa 1250, na safu inaitwa Gramu.